Uchovu Sugu wa Wauguzi na Madaktari: Mpango wa Kuuzuia Unaoanzia kwenye Ratiba ya Zamu

Malalamiko ya aina mbili husikika mara kwa mara katika wodi za uzazi. Wagonjwa hulalamikia lugha kali na kuachwa muda mrefu bila kuangaliwa. Wauguzi na madaktari hulalamikia kuitwa kazini siku za mapumziko na kurudi zamu kabla mwili haujapumzika. Malalamiko ya kwanza hupelekwa kwenye sanduku la maoni, na ya pili huishia kwa muuguzi kiongozi wa wodi. Ni nadra yakasomwa pamoja, ingawa mara nyingi chanzo chake ni kimoja.

Chanzo hicho ni uchovu sugu wa kazini. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linauelezea kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba kazi haizai matunda. Shirika hilo halikuuweka miongoni mwa magonjwa, bali miongoni mwa hali zinazotokana na ajira. Tofauti hiyo ni kubwa kivitendo. Ugonjwa hutibiwa ndani ya mgonjwa. Hali itokanayo na ajira hurekebishwa kwanza mahali pa kazi.

Hapo ndipo mipango mingi hukosea. Hospitali huandaa semina ya siku moja kuhusu kukabiliana na msongo, washiriki hupewa chai na cheti, kisha hurejea kwenye ratiba ileile iliyowachosha. Makala haya yanapendekeza mpango wa miezi 15 kwa hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania, unaohusisha wodi nne: uzazi, watoto, upasuaji na dharura. Hoja yake kuu ni kwamba kinachopaswa kupimwa na kurekebishwa ni wodi kabla ya mtu mmoja mmoja, na kwamba njia ya kujua kama mpango umefaulu iwekwe kabla haujaanza.

Kupima bila kumtia mtu hatiani

Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Maslach, kilichochapishwa na Christina Maslach na Susan Jackson mwaka 1981. Kina maswali 22 na hupima sura zote tatu zilizotajwa. Hata hivyo, matumizi yake hulipiwa, na kwa hospitali ya mkoa gharama hiyo ni kikwazo. Mpango huu unapendekeza Kipimo cha Kopenhagen cha mwaka 2005, ambacho ni cha bure. Kina maswali 19 katika mafungu matatu: uchovu wa mtu binafsi, uchovu utokanao na kazi, na uchovu utokanao na kuhudumia watu. Kila jibu hupewa alama 0, 25, 50, 75 au 100, na wastani wa majibu ndio alama ya fungu. Alama ikiwa kubwa, uchovu ni mkubwa.

Chukua mfano wa mkunga mmoja anayejibu fungu la pili, lenye maswali saba. Maswali sita ya kwanza yanampa 100, 75, 75, 50, 75 na 100. Swali la mwisho huuliza kama amebakiwa na nguvu za kutosha kwa ajili ya jamaa na marafiki wakati wa mapumziko, naye anajibu kuwa ni mara chache, jibu ambalo kwa kawaida lina alama 25. Lakini swali hili limegeuzwa: kukosa nguvu ni dalili ya uchovu, kwa hiyo alama yake hupinduliwa na kuwa 75. Jumla ni 550. Ikigawanywa kwa saba, alama yake ni takriban 79. Mwingiza takwimu akisahau kupindua swali hilo, atapata 71, na kosa hilo litajirudia kwa watumishi wote. Ndiyo maana fomu kumi za kwanza zikokotolewe kwa mkono na watu wawili kabla ya kuaminiwa kompyuta.

Alama hii si cheti cha ugonjwa. Haimtenganishi mtumishi mzima na mgonjwa, wala isitumike kumpandisha cheo, kumhamisha au kumwadhibu. Kazi yake ni kulinganisha: wodi hii na ile, mwezi huu na mwezi wa tatu baadaye. Kabla ya kutumiwa, tafsiri yake ya Kiswahili isomwe kwa sauti na wauguzi na madaktari wachache wanaoeleza kwa maneno yao walivyolielewa kila swali. Neno «kuchoka» peke yake linaweza kumaanisha miguu inayouma baada ya zamu, au moyo uliokata tamaa. Tafsiri isipotenganisha hayo mawili, takwimu zitakazofuata zitakuwa na maana mbili.

Usiri ni sharti la pili. Fomu zisikusanywe na muuguzi kiongozi wala mganga mfawidhi. Kila mtumishi ajitungie namba ya siri anayoweza kuikumbuka, kwa mfano herufi mbili za mwanzo za jina la mama yake na tarehe aliyozaliwa mama huyo, ili majibu yake ya awamu ya kwanza yaunganishwe na ya awamu zinazofuata bila jina lake kujulikana. Aidha, matokeo ya kundi lenye watu wasiofika watano yasitolewe peke yake. Wodi yenye madaktari wanne itambue kuwa wastani wao ni rahisi kufumbuliwa na kila anayewafahamu. Majibu yao yajumuishwe na ya madaktari wa wodi nyingine.

Je, kipimo cha sonona kiunganishwe kwenye fomu hiyohiyo? Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakitumia dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9. Mpango huu unashauri lisiwekwe humo. Swali la tisa la dodoso hilo huuliza kuhusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Mtumishi akijibu «karibu kila siku» kwenye fomu isiyo na jina, hospitali itakuwa imejua kwamba mmoja wa watu wake yuko hatarini, lakini haiwezi kumfikia. Dodoso hilo ni la chumba cha mashauri, ambako anayejibu anaonana na mtu wa kumsaidia siku hiyohiyo.

Hesabu ya saa ndani ya wodi moja

Kipimo cha uchovu huonyesha kwamba wodi inaumia. Hakisemi inaumia wapi. Ili kulijua hilo, ni lazima kufungua ratiba ya zamu pamoja na daftari la mahudhurio. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu watumishi hubadilishana zamu kwa makubaliano yao, na ratiba iliyobandikwa ukutani si lazima iwe ndiyo iliyofanyika.

Chukulia wodi ya uzazi ya kubuni, iliyowekwa hapa kwa ajili ya kuonyesha hesabu. Ina wakunga 22. Zamu ya asubuhi huanza saa 1:30 hadi saa 8:30 mchana, ikiwa na wakunga watano. Zamu ya mchana huanza saa 8:00 hadi saa 2:30 usiku, ikiwa na wanne. Zamu ya usiku huanza saa 2:00 hadi saa 2:00 asubuhi, ikiwa na watatu. Nusu saa inayoingiliana ni ya makabidhiano. Kwa siku moja wodi hutumia saa 35 za kazi asubuhi, 26 mchana na 36 usiku, yaani 97. Kwa wiki ni saa 679.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Wakunga 22 wangetoa saa 990, na kwa kuangalia orodha tu mtu angesema wodi ina ziada. Lakini mwezi Desemba wanne wako likizo ya mwaka, wawili wako masomoni na mmoja yuko likizo ya uzazi. Waliobaki ni 15, na saa zao ni 675. Wodi ina upungufu wa saa nne hata kabla mtu yeyote hajaugua. Akiugua mmoja, saa zinashuka hadi 630 na pengo linakuwa saa 49, sawa na zamu saba kamili za asubuhi. Zamu hizo hujazwa kwa simu: mkunga aliyekuwa nyumbani anaombwa arudi. Baada ya wiki tatu za simu kama hizo, aliyeitwa naye huugua.

Daftari la mahudhurio litafichua jambo jingine. Mkunga aliyefanya zamu ya mchana akapangiwa asubuhi ya kesho yake huondoka saa 2:30 usiku na kuripoti saa 1:30 asubuhi. Hizo ni saa 11, ilhali sheria hiyohiyo inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ukitoa muda wa daladala, kupika na kuwalaza watoto, usingizi unaobaki ni mfupi. Kila pengo la namna hii lihesabiwe kwa mwezi mzima. Idadi hiyo ni kipimo ambacho hakitegemei hisia za mtu, na muuguzi kiongozi anaweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Hatua tatu za kurekebisha

Hatua ya kwanza ni ratiba. Likizo ya mwaka ni siku 28 kwa kila mtumishi. Kwa wakunga 22 hizo ni siku 616, na zikigawanywa kwa siku 365 za mwaka zinapata wastani usiofika watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wodi ikipanga mwezi Januari kwamba likizo za mwaka zisizidi mbili kwa pamoja, Desemba itakuwa na wakunga 17 badala ya 15, na saa 765 badala ya 675. Mmoja akiugua, zinabaki 720, na hakuna anayepigiwa simu. Hatua hii haihitaji bajeti, ila inahitaji haki: miezi inayopendwa, kama Desemba, igawanywe kwa zamu mwaka hadi mwaka, na orodha ibandikwe mahali ambapo wote wanaiona. Kanuni nyingine mbili ziambatane nayo: asiwepo anayetoka zamu ya mchana na kuingia asubuhi, na zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo. Kwa madaktari, aliyekesha akihudumia akabidhi wagonjwa na kuondoka ifikapo saa 4:00 asubuhi, badala ya kuendelea na raundi na kliniki hadi jioni.

Kikomo cha hatua hii kisemwe wazi. Saa 679 zinahitaji wakunga wasiopungua 16 waliopo kazini. Wodi yenye wakunga 16 kwenye orodha nzima haiwezi kuokolewa na ratiba yoyote, kwa kuwa likizo ya mtu mmoja tu inatosha kuivuruga. Hapo hesabu hii ibadilike kuwa hoja ya kuomba watumishi, ikiambatanishwa na kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha kukadiria mahitaji ya watumishi kwa mzigo wa kazi, ambacho kimewahi kutumika Tanzania. Aidha, wapo wanaoitegemea posho ya zamu za ziada, na wapo wanaorundika zamu ili wapate siku za kufanya kazi kwingine. Watumishi hao wasikilizwe kabla ya ratiba kubadilishwa. Wakipuuzwa, mabadilishano ya chini kwa chini yataifuta ratiba mpya ndani ya mwezi mmoja.

Hatua ya pili ni utaratibu baada ya tukio zito, kama kifo cha mama au cha mtoto mchanga. Kwa kawaida kinachofuata ni kikao cha mapitio ya kifo, ambacho kazi yake ni kutafuta chanzo. Kikao hicho ni cha lazima, lakini hakimhudumii mkunga aliyekuwa ameshika mkono wa marehemu. Mpango unapendekeza mambo matatu ndani ya saa 24: msimamizi amuulize kwa faragha kama anaweza kuendelea na zamu, asipoweza, mwingine ampokee wagonjwa, na apigiwe simu kesho yake na mwenzake waliyekubaliana. Kisichopendekezwa ni kuwakusanya wote na kuwalazimisha kusimulia walichokiona na walivyojisikia. Kikao cha mara moja cha namna hiyo kimechunguzwa katika tafiti nyingi na hakikuonekana kuzuia madhara ya kisaikolojia, na Shirika la Afya Duniani halikishauri. Anayetaka kusema apate wa kumsikiliza. Anayetaka kunyamaza aachwe.

Hatua ya tatu ni mlango wa mtu binafsi. Wapo ambao uchovu wao umeshafika kwenye sonona, na ratiba bora haitawatosha. Dalili za kutenganisha ni hizi: uchovu wa kazini kwa kawaida hupungua mtu akiwa likizo na bado hufurahia mambo ya nyumbani, sonona humfuata hata likizoni, huondoa furaha kwa jumla, huvuruga usingizi na hamu ya kula, na humjaza hatia. Mtumishi mwenye dalili za pili aonwe na mtaalamu wa afya ya akili, ajaze PHQ-9, na alama yake ikifika 10 au zaidi apate tathmini kamili. Mashauri hayo yafanyike nje ya jengo la utawala, ikiwezekana katika kituo kingine, na faili lake lisichanganywe na faili la ajira. Bila kinga hiyo, mlango utakuwa wazi na hakuna atakayeingia.

Mpangilio huu wa hatua una msingi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lanseti, yaliyohusu madaktari, yalionyesha kwamba jitihada za mtu binafsi na za taasisi zote hupunguza uchovu, kwa kiasi cha wastani. Mapitio mengine ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba zinazobadilisha taasisi huleta nafuu kubwa kuliko zinazomlenga daktari peke yake. Sehemu kubwa ya ushahidi huo imetoka katika nchi tajiri, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuutathmini mpango huu kwa makini badala ya kudhani utafaulu.

Namna ya kujua kama umefaulu

Wodi zote nne zisianze kwa pamoja. Miezi mitatu ya mwanzo itumike kupima tu. Kisha ipigwe kura, na wodi moja ianze mwezi wa nne, ya pili mwezi wa saba, ya tatu mwezi wa kumi na ya nne mwezi wa 13. Kila baada ya miezi mitatu wodi zote zipimwe, ziwe zimeanza au la, hivyo kuwe na awamu tano za vipimo. Faida yake ni kwamba wodi zinazosubiri huwa kioo cha zilizoanza. Ikiwa uchovu umepungua kila mahali kwa sababu msimu wa wagonjwa wengi umepita au waajiriwa wapya wameripoti, itaonekana, na mpango hautajitwalia sifa isiyo yake. Katika kipindi hicho uhamisho kati ya wodi hizo nne upunguzwe, na unaofanyika uandikwe.

Mtego mkubwa wa tathmini ni walioondoka. Rudi kwenye wodi ya kubuni. Awamu ya kwanza wakunga 20 walijibu na wastani wao ukawa 62. Mwaka mmoja baadaye walijibu 14, na wastani ukawa 54. Ripoti ya haraka ingetangaza kushuka kwa alama nane. Lakini namba za siri zinaonyesha kwamba hao 14 walianza na wastani wa 57, kwa hiyo kwao uchovu umeshuka kwa alama tatu tu. Wale sita ambao hawakujibu tena walikuwa na wastani wa karibu 74. Waliochoka zaidi ndio waliohama, waliougua au waliokata tamaa na fomu, na kuondoka kwao ndiko kulikoifanya wodi ionekane imepona. Kwa sababu hiyo kila ripoti itaje idadi ya waliojibu, alama za watu walewale kabla na baada, na walikokwenda wasiojibu.

Sambamba na alama za uchovu, vifuatiliwe vipimo vitatu visivyotegemea fomu: idadi ya mapumziko yaliyopungua saa 12, idadi ya simu za kuitwa kazini siku ya mapumziko, na siku za ugonjwa. Kwa upande wa wagonjwa, kila mwezi yachukuliwe kwa bahati nasibu mafaili 20 ya waliojifungua na kuangaliwa kama mapigo ya moyo wa mtoto yaliandikwa kila nusu saa kwenye patografu. Akina mama wanaoruhusiwa waulizwe na mtu asiye wa wodi hiyo kama walihudumiwa kwa heshima na kama waliachwa peke yao walipohitaji msaada. Mgonjwa anayejibu kwa ukweli hamchongei muuguzi. Anaisaidia hospitali kuona mahali ambapo uchovu umeanza kumfikia yeye.

Mpango uwasilishwe kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti, na vigezo vya kuamua viandikwe humo mapema. Ikiwa simu za kuitwa kazini zimepungua lakini alama za uchovu zimebaki palepale, chanzo kitafutwe kwingine: Maslach na mwenzake Michael Leiter wametaja, mbali na wingi wa kazi, ukosefu wa sauti katika maamuzi, malipo na shukrani, mahusiano, haki, na maadili yanayokinzana. Ikiwa simu hazikupungua, basi ratiba haikutekelezwa, na hakuna haki ya kusema kwamba mpango umejaribiwa. Na ikiwa alama zimepungua ilhali patografu zinazidi kuachwa wazi, huenda watumishi wamepumzishwa kwa gharama ya wagonjwa, na hatua ya kwanza ipangwe upya. Matokeo ya kila awamu yasomwe kwanza mbele ya watumishi wa wodi husika, ndani ya mwezi mmoja tangu fomu kukusanywa, kabla hayajapelekwa kwa uongozi wa mkoa. Wodi ambayo haikuletewa majibu ya awamu ya kwanza haitajaza fomu za awamu ya pili.